Springi ya Mabamba: Jinsi Mkazo Unavyogawanywa Sawa

Chungulia chini ya pikapu au lori, karibu na gurudumu la nyuma, utaona rundo la mabamba ya chuma yaliyopinda kidogo. Bamba la juu ndilo refu kuliko yote, nalo lina pete kila mwisho ya kulishikiza kwenye chesisi. La chini yake ni fupi kidogo, linalofuata fupi zaidi, mpaka lile la mwisho lenye urefu wa kama shubiri moja. Katikati yote yamebanwa pamoja kwenye ekseli kwa yubolti mbili. Ni rahisi kudhani kwamba mabamba ya chini yamefupishwa ili kuokoa chuma tu. Chuma kinaokolewa kweli, lakini umbo lile la ngazi limetokana na hesabu, na anayeielewa hesabu hiyo anajua kwa nini springi hukatika mahali fulani na si pengine, na kwa nini bamba nene lililoongezwa gereji mara nyingi ndilo linalotangulia kufa.

Mfikirie mtu anayebeba maji kwa mzega. Bega liko katikati ya mti, ndoo zinaning'inia kwenye ncha mbili. Ndoo zinavuta ncha chini, bega linasukuma katikati juu, na mti unanepa. Springi ya gari iko vivyo hivyo: chesisi na mzigo wake vinakandamiza zile pete mbili, na ekseli inasukuma katikati kwa nguvu ileile inayotoka barabarani. Kwa kuwa pande zote mbili zinafanana, hakuna haja ya kushughulika na springi nzima. Tunaikata katikati kwa mawazo na kubaki na nusu moja, kama boriti iliyojengewa ukutani upande mmoja na kuning'inizwa mzigo upande wa pili. Urefu wa nusu hiyo tuuite L, na mzigo wa kwenye ncha tuuite F.

Mzigo wa kwenye ncha hauipindi boriti kwa kiasi kimoja kila mahali. Nguvu ya kupinda mahali popote ni F ikizidishwa kwa umbali wa kutoka hapo hadi kwenye ncha. Kwenye ncha yenyewe ni sifuri, nusu ya njia ni nusu, na ukutani ndipo inapofikia kilele chake. Boriti inapopinda, uso mmoja wa chuma unavutwa na uso wa upande wa pili unabanwa, huku katikati ya unene pakiwa hapavutwi wala hapabanwi. Kiasi cha mvuto au mbano kwa kila milimita ya mraba ya chuma ndicho tunachokiita mkazo. Kwa bamba bapa, mkazo wa juu ya ngozi yake hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya kupinda mara 6, kisha kugawanya kwa upana na kwa unene mara mbili. Kwa hiyo upana ukiongezwa maradufu mkazo unapungua nusu, lakini unene ukiongezwa maradufu mkazo unabaki robo.

Sasa chukua bamba la kawaida lenye upana uleule na unene uleule tangu ukutani hadi kwenye ncha. Ukutani mkazo ni mkubwa, nusu ya njia ni nusu yake, na karibu na ncha ni kama hakuna. Hilo ni bamba ambalo sehemu moja tu inafanya kazi yote, na siku ya kuzidiwa litakatikia palepale. Chuma kilichobaki kinabebwa bure. Galileo alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, akaonyesha kwamba boriti inaweza kuchongwa ipungue kuelekea kwenye ncha bila kupoteza nguvu yake hata kidogo. Boriti ya namna hiyo, ambayo mkazo wake ni mmoja kila mahali, ndiyo boriti yenye nguvu sawa.

Njia rahisi ya kuipata, kama unene hautabadilishwa, ni kupunguza upana. Kata bamba liwe pembetatu, upande mpana ukutani na ncha kali kwenye mzigo. Nusu ya njia nguvu ya kupinda imebaki nusu, na upana nao umebaki nusu. Robo ya njia kutoka kwenye ncha, nguvu ni robo na upana ni robo. Popote utakapopima, kimoja kikipungua na kingine kinapungua kwa kiasi kilekile, kwa hiyo mkazo haubadiliki.

Kutoka hapo mnepo unapatikana karibu bila jasho. Mkazo ukiwa mmoja na unene ukiwa mmoja, kila kipande cha bamba kinapinda kwa kiasi sawa na jirani yake, na kitu kinachopinda sawasawa kila mahali ni sehemu ya duara. Nusukipenyo cha duara hilo ni Et ikigawanywa kwa mara mbili ya mkazo. Hapo t ni unene wa bamba, na E ni kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kunyooshwa, ambacho kwa chuma cha springi ni kama nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Tao la duara lenye urefu L linashuka kutoka kwenye mstari ulionyooka kwa takriban L mara L ikigawanywa kwa mara mbili ya nusukipenyo. Ukiviunganisha hivyo viwili unapata:

δ = σL² / (E·t)

Alama δ ni mnepo na σ ni mkazo. Naipenda kanuni hii kuliko nyingine zote za springi, kwa sababu haiulizi mzigo ni kiasi gani wala mabamba ni mangapi. Tutaihitaji tena baadaye.

Shida ni kwamba pembetatu hiyo haiwezi kuingia chini ya gari. Tuchukue springi ya nyuma ya pikapu ambayo inatakiwa kubeba nyutoni 6,000, yaani kama kilo 600. Kutoka pete hadi pete ni milimita 1,300, na sehemu iliyobanwa na yubolti ni milimita 100, kwa hiyo urefu ulio huru kupinda ni milimita 1,200. Kila nusu ina L ya 600 na inabeba F ya nyutoni 3,000. Ukitumia chuma cha unene wa milimita 8 na kutaka mkazo usizidi kiasi cha 470, hesabu itakudai bamba lenye upana wa milimita 360 katikati, linalopungua hadi ncha kali kila upande. Ni bapa kubwa la pembe nne, sentimita 36 kwa sentimita 120, na hakuna nafasi yake kati ya gurudumu na chesisi.

Hapo ndipo panapofanyika jambo la busara. Lichore bapa hilo chini na ulikate kwa urefu wake. Kwanza toa utepe wa katikati wenye upana wa milimita 60, ambao ndio mrefu kuliko zote. Kisha kata tepe za milimita 30 kila upande, uunganishe wa kushoto na wa kulia kupata tena bamba la 60. La kwanza lina urefu wa milimita 1,200, la pili 1,000, halafu 800, 600, 400 na 200. Yapange moja chini ya jingine na umepata rundo lile la ngazi unaloliona chini ya gari. Kila bamba kwenye mkato huo lina miisho iliyochongoka, na ukitazama springi nyingi kwa karibu utaona kwamba miisho ya mabamba ya chini imekatwa pembe au imefanywa nyembamba. Hicho ni kivuli cha pembetatu ya asili.

Mabamba yaliyolala moja juu ya jingine bila kushikana yanapinda kila moja kwa nafsi yake, na yote kwa tao lilelile. Kwa hiyo, kwa hesabu, rundo linajiendesha kama lile bapa pana. Idadi ya mabamba ni n, upana wa kila moja ni b:

σ = 6FL / (n·b·t²)

δ = 6FL³ / (E·n·b·t³)

Tuweke namba zetu. Juu ya mstari kuna 6 mara 3,000 mara 600, yaani 10,800,000. Chini kuna 6 mara 60 mara 64, yaani 23,040. Mkazo ni nyutoni 469 kwa milimita ya mraba. Chuma cha springi kilichochovywa na kupashwa ipasavyo huvumilia zaidi ya 1,000 kabla ya kupinda moja kwa moja, kwa hiyo inabaki akiba ya mashimo ya barabarani, ambapo nguvu ya ghafla inaweza kukaribia maradufu ya mzigo uliotulia. Mnepo nao ni milimita 105 na nusu. Mabamba yakipindwa kiwandani kwa duara la nusukipenyo kama mita 1.7, springi itanyooka kabisa mzigo ukishatimia.

Linganisha na springi ambayo mabamba yake sita yote ni ya urefu mmoja, milimita 1,200 kila moja. Ukutani, yaani ukingoni mwa yubolti, mkazo ni uleule wa 469, kwa hiyo haikuongeza nguvu hata chembe. Lakini mnepo wake ni milimita 70 tu, kwa kuwa sehemu za mbali na katikati hazipindi vya kutosha, na uzito wake ni kilo 27 badala ya 13 na nusu. Springi ya ngazi inapokea mshtuko kwa ulaini zaidi kwa nusu ya chuma. Ukipima nishati inayomezwa na kila kilo ya chuma, ya ngazi inameza mara tatu ya ile nyingine.

Na kama mabamba hayo sita marefu yangegandana yakawa kipande kimoja cha milimita 48? Mnepo ungeshuka kutoka 70 hadi kama milimita 2, na gari lingepanda kila jiwe kama mkokoteni. Kutu nyingi kati ya mabamba inaisukuma springi kuelekea huko. Haiwezi kuyagandisha kikamilifu, lakini inayazuia kuteleza, na dereva anahisi springi imekuwa ngumu ilhali hakuna aliyeongeza bamba.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba springi halisi ni ile pembetatu iliyokatwa. Haiko hivyo kabisa. Bamba la juu haliwezi kuishia kwenye ncha kali, kwa sababu lazima lishike pete, na pete lazima ibebe mzigo wa pembeni na mvuto wa breki. Mara nyingi bamba la pili nalo ni refu, ili likinge la kwanza likikatika. Mabamba hayo yenye urefu kamili na upana usiopungua ni mabishi kuliko ya ngazi, na mbishi katika kundi ndiye anayebebeshwa zaidi. Kwenye springi yetu, tukiwa na mawili marefu na manne ya ngazi, hesabu inatoa mkazo wa 603 kwenye marefu na 402 kwenye ya ngazi, na mnepo unapungua hadi milimita 90. Usawa umevunjika, tena umevunjika kwa kulionea lile bamba lenye pete, ambalo likikatika gari linakaa upande.

Dawa ya watengenezaji ni nzuri sana. Wanayapinda mabamba marefu kidogo na ya ngazi zaidi. Yakipangwa kabla ya kukazwa, ncha zinagusana lakini katikati pana uwazi. Senta bolti inapokazwa, uwazi unafungwa: bamba refu linavutwa kupinda kinyume cha jinsi mzigo utakavyolipinda, na ya ngazi yanaanza kubeba kabla mzigo haujafika. Mzigo ukija, lile refu lazima kwanza lirudishe deni hilo, na mwishoni yote yanakutana kwenye 469. Uwazi unaotakiwa ili usawa uwe kamili ni tofauti ya minepo miwili tuliyokwisha kuiona, 105 kwa ya ngazi na 70 kwa marefu, yaani kama milimita 35. Fundi anayefungua springi na kuona mabamba yanaruka na kuachana asidhani yameharibika, na asiyagonge ili yote yapate tao moja. Akifanya hivyo ameurudisha mzigo wote wa ziada kwenye bamba la juu.

Kuna kosa jingine, nalo limeenea zaidi. Mwenye gari anataka kubeba zaidi, anaambiwa aongeze bamba, na bamba linalopatikana limetoka kwenye gari kubwa zaidi na lina unene wa milimita 10. Kila mtu anafurahi kwa kuwa ni nene. Lakini mabamba yote ya rundo hulazimishwa kufuata tao moja, na bamba likipindwa kwa tao lilelile, mkazo wake unakua pamoja na unene wake. Mwenye gari akishapakia mpaka springi ineme alivyozoea kuiona, mabamba ya milimita 8 yana mkazo wa 469 na lile la 10 lina 586. Isitoshe, ubishi wa bamba unakua kwa unene mara tatu, kwa hiyo hilo moja linabeba karibu maradufu ya jirani yake. Kama lilikuja na tao lililopinda zaidi ya wenzake, linabeba zaidi ya hapo. Ushauri wangu ni kwamba anayelazimika kuongeza bamba aongeze lenye unene uleule wa mengine, urefu wake uingie kwenye ngazi, na akumbuke kwamba ekseli, fremu na breki hazikuongezwa kitu.

Yubolti zilizolegea ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa kuwa dawa yake ni spana tu. Katikati ya kila bamba pana tundu la senta bolti, tuseme la milimita 10. Yubolti zikibana sawasawa, sehemu hiyo haipindi kabisa, na tundu halina madhara. Zikilegea, urefu ulio huru unaongezeka kutoka milimita 600 hadi 650 kila upande, mkazo wa katikati unafika 508, na kwa kuwa tundu limekula sehemu ya sita ya upana, unapanda hadi 609. Kwenye kingo za tundu lenyewe unapanda kuliko hapo. Bamba lililokatika kupitia katikati ya tundu karibu kila mara linasimulia habari ya yubolti zilizolegea. Lililokatika kando kidogo, ukingoni mwa kibano, limechoka au limezidiwa.

Ukilishika bamba lililokatika, tazama uso wa mkato kabla ya kulitupa. Upande wa juu wa bamba, ule wa ndani ya tao, ndio unaovutwa gari linapopakiwa, na ufa huanzia huko: kwenye mkwaruzo, shimo la kutu au alama ya kuchomelea. Sehemu ya ufa wa zamani inakuwa laini na ya kahawia kwa kutu, mara nyingine ikiwa na mistari iliyopinda kama mawimbi, na sehemu ya mwisho ni ya kijivu, ya punje punje, iliyokatika kwa mara moja. Sehemu ya kahawia ikiwa kubwa, ufa ulikuwepo kwa muda mrefu na ungeweza kuonekana kama bamba lingesafishwa na kukaguliwa. Kulichomelea haisaidii, kwani joto la kuchomelea linaharibu ugumu uliopatikana kwa kuchovya, na litakatika tena pembeni mwa weldi.

Siku hizi malori mengi yana springi zenye mabamba machache tu, mawili au matatu, manene katikati na membamba kwenye ncha. Hiyo ni njia ya pili ya kupata nguvu sawa, ile ya kubadili unene badala ya upana. Kwa sababu unene unahesabika mara mbili, hauwezi kupungua kwa mstari ulionyooka. Nusu ya njia unene unabaki asilimia 71, na robo ya njia kutoka kwenye ncha unabaki nusu, ambalo ni umbo lilelile la parabola alilolieleza Galileo. Msuguano ni mdogo kwa kuwa mabamba ni machache, na mara nyingi hayagusani ila katikati na kwenye ncha.

Turudi kwenye kanuni isiyouliza mzigo. Mtu mwenye futi ya kupimia anaweza kuitumia kwenye gari lolote lenye springi ya ngazi. Pima umbali wa kutoka ekseli hadi chesisi gari likiwa tupu, kisha upime tena likiwa limepakiwa. Tuseme umepungua milimita 60. Zidisha 60 kwa 200,000 na kwa unene wa bamba, 8, kisha gawanya kwa 600 mara 600. Jibu ni 267, na ndio mkazo ulioongezwa na mzigo huo kwenye kila bamba, juu ya ule uliokuwepo gari likiwa tupu. Urefu wa 600 upimwe kutoka ukingo wa kibano cha yubolti hadi pete, na unene upimwe mahali pasipo na kutu. Kabla ya kusoma kipimo, litikise gari mara kadhaa na uliache litulie, kwa sababu msuguano kati ya mabamba unaishikilia springi: ukipima baada ya kuisukuma chini utapata namba moja, na baada ya kuiinua utapata nyingine, na ukweli uko kati ya hizo mbili.